Gama mbili haziwezi kushuka pamoja

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa 3, uhandisi wa kemikali. Tulipewa jedwali la data za mvuke na kimiminika za ethanoli na maji katika kanieneo ya anga 1, nimekuambatishia, tukaambiwa tukokotoe gama za vijenzi vyote viwili, yaani kipimo cha jinsi kila kijenzi kinavyotofautiana na tabia ya mmumunyo bora, ambako gama ni 1. Nilipata hivi: ethanoli ikiwa 0.019 kwa moli, gama ya ethanoli ni 4.01 na ya maji 0.85. Ikiwa 0.0721, napata 2.42 na 0.66. Ikiwa 0.1661, napata 1.37 na 0.59. Msimamizi wetu alitazama kwa sekunde chache tu akasema "haiwezekani, Gibbs-Duhem inakataza", akanirudishia karatasi. Hesabu zangu hata hakuzifunua. Amejuaje? Na kwani mlinganyo unaweza kukataza data?*

Marahaba. Msimamizi wako hakuhitaji kufunua hesabu. Alitazama safu mbili akaona gama ya ethanoli inashuka, na ya maji nayo inashuka. Hilo lilimtosha. Mimi, kwa namba hizo 6 ulizoniandikia, nadhani naweza hata kukuambia ulikosea wapi, lakini nitakufikisha hapo taratibu ili siku nyingine umkamate mwenzako mwenyewe.

Kuhusu swali lako la mwisho: mlinganyo haukatazi data, unakataza jozi ya data. Gama ya ethanoli peke yake ingeweza kushuka hivyo bila shida. Ya maji peke yake nayo ingeweza kushuka, maana kuna mimumunyo ambayo gama huenda chini ya 1. Kisichowezekana ni zote mbili kufanya hivyo kwa wakati mmoja ndani ya ndoo moja.

Fikiria ndoo hiyo. Ndani yake kuna moli n1 za ethanoli na moli n2 za maji, halijoto na kanieneo havibadiliki. Potensheli ya kemikali ya ethanoli, μ1, ichukulie kama bei ya moli moja ya ethanoli ndani ya mmumunyo huo: ukiongeza ethanoli kidogo sana, nishati huru ya Gibbs ya ndoo nzima inapanda kwa bei hiyo mara kiasi ulichoongeza. Ya maji ni hivyohivyo. Sasa, ndoo mbili zinazofanana zina nishati mara mbili ya ndoo moja, na ndoo nusu ina nusu. Kwa sababu hiyo thamani ya ndoo ni kiasi mara bei, basi:

G = n1 μ1 + n2 μ2

Mimina kijiko kimoja cha ethanoli. Kwa maana yenyewe ya bei, G imepanda kwa thamani ya kijiko hicho tu. Lakini kumbuka kwamba uwiano wa mmumunyo umebadilika, kwa hiyo bei za vyote viwili zimesogea, na vitu vyote vilivyokuwemo ndoo kabla ya kijiko vimepangiwa bei mpya. Kama upangaji huo wa bei mpya ungeongeza hata senti moja kwenye thamani ya ndoo, G ingepanda zaidi ya thamani ya kijiko, na tungekuwa tumejipinga wenyewe. Kwa hiyo faida ya upande mmoja lazima iliwe yote na hasara ya upande wa pili:

n1 dμ1 + n2 dμ2 = 0

Gawanya kwa jumla ya moli, upate x1 dμ1 + x2 dμ2 = 0. Ndio mlinganyo wa Gibbs na Duhem, wote. Gibbs aliuchapisha katika kazi yake ndefu juu ya msawazo wa vitu mchanganyiko miaka ya 1870, na Duhem akaufikia na kuutumia katika muongo uliofuata. Angalia kwamba hakuna mahali tuliposema lolote kuhusu molekuli za ethanoli au za maji, wala kuhusu nani anampenda nani. Ndiyo maana hakuna data inayoweza kujitetea kwa kusema "mmumunyo wangu ni wa ajabu".

Kutoka hapo kwenda kwenye gama ni hatua moja. Potensheli ya kila kijenzi huandikwa μ = μ° + RT ln(xγ). Sehemu ya ln x hujifuta yenyewe, kwa kuwa x1 d ln x1 ni dx1 tu, na x2 d ln x2 ni dx2, na hizo mbili zikijumlishwa ni sifuri kwa sababu x1 + x2 = 1. Kinachobaki ni gama peke yake:

x1 d ln γ1 + x2 d ln γ2 = 0

Kwa kuwa x1 na x2 zote ni chanya, ln γ1 ikishuka ln γ2 lazima ipande. Zikae kama watoto wawili kwenye ubao wa pembea, ila egemeo la ubao haliko katikati. Kijenzi kilicho kichache hurukaruka, kilicho kingi husogea kidogo tu. Penye ethanoli 0.1 na maji 0.9, ln γ ya ethanoli ikishuka kwa 0.09, ile ya maji inapanda kwa 0.01 tu.

Sasa tuje kwenye karatasi yako, na tuanze na mstari wa kwanza peke yake, maana wenyewe tu unatosha kukuhukumu. Penye ethanoli 0.019 unasema gama ya maji ni 0.85. Maji safi kabisa yana gama 1, kwa sababu ndivyo tulivyoifafanua. Kwa hiyo unadai kwamba kuongeza asilimia 2 ya ethanoli kumeishusha gama ya maji kwa asilimia 15. Uliza mlinganyo: ili hilo litokee, ethanoli ifanye nini? Badiliko la ln γ2 kutoka 0 hadi ln 0.85 ni kama −0.163. Katika safari yote kutoka x1 = 0 hadi x1 = 0.019, uwiano x1/x2 haujawahi kuzidi 0.0194. Basi ln γ1 ingehitaji kupanda kwa angalau 0.163 gawanya kwa 0.0194, yaani kama 8.4, na hiyo ni gama ya ethanoli kupanda zaidi ya mara 4,000 ndani ya hiyo asilimia 2. Wewe unasema imefika 4.01, kwa hiyo ingekuwa imeanzia chini ya 0.001. Ethanoli ndani ya maji mengi haina tabia hiyo, tena data zako mwenyewe zinaonyesha inashuka kadiri unavyoiongeza, haipandi.

Hii ndiyo sehemu ya mlinganyo ambayo wanafunzi wengi huipita haraka. Karibu na kijenzi safi, mchoro wa gama wa kijenzi hicho kilicho kingi lazima uanze bapa. Mteremko wake ni −x1/x2 mara mteremko wa ln γ1, na x1 inapokaribia sifuri, mteremko nao unakufa. Kiyeyushi kikiwa karibu safi kinafuata kanuni ya Raoult bila kuulizwa, yaani gama yake inakaa kwenye 1, na katika eneo hilohilo kiyeyushwa kinafuata kanuni ya Henry, yaani gama yake inakaa kwenye namba moja isiyobadilika. Kanuni hizi mbili hufundishwa kama watu wawili wasiojuana, mmoja Mfaransa, mwingine Mwingereza, lakini ni ubao mmoja wa pembea unaotazamwa kutoka ncha mbili. Kwa hiyo ukichora gama ya maji na ukaona mstari unaondoka kutoka 1 kwa mteremko mkali kuelekea chini, usisubiri pointi ya pili.

Lakini tuifanye ya pili pia, kwa sababu inatupa kipimo cha kosa lenyewe. Chukua mistari yako miwili ya mwanzo. Kati yake wastani wa ethanoli ni 0.0456 na wa maji ni 0.9544. Gama ya ethanoli imetoka 4.01 hadi 2.42, hivyo ln γ1 imebadilika kwa −0.505. Ya maji imetoka 0.846 hadi 0.658 (nimeirudishia tarakimu ya tatu, kwa sababu 0.85 na 0.66 zinakata mno), hivyo ln γ2 imebadilika kwa −0.251. Jumlisha kwa uzito:

0.0456 × (−0.505) + 0.9544 × (−0.251) = −0.263

Ilipaswa kuwa sifuri. Wengine hapa huleta utetezi ambao ni halali kwa kiasi fulani: mlinganyo wetu tulioupata ni wa halijoto isiyobadilika, na data zako ni za kanieneo isiyobadilika, ambapo halijoto ya kuchemka inashuka kadiri ethanoli inavyoongezeka. Ni kweli. Ukiruhusu halijoto isogee, upande wa kulia haubaki sifuri, unakuwa −(HE/RT²) dT, ambapo HE ni joto linalotolewa au kumezwa na moli moja ya mmumunyo wakati wa kuchanganya. Basi tupime utetezi huo una uzito gani. Kati ya mistari yako miwili halijoto imeshuka kutoka 95.5 hadi 89.0, yaani nyuzi 6.5. Tuwe wakarimu tuipe HE ukubwa wa jouli 800 kwa moli, ambao kwa eneo hili ni mwingi. RT² katika halijoto ya kati ni kama 1,110,000. Tunapata 800 × 6.5 / 1,110,000, ambayo haifiki 0.005. Kosa lako ni 0.263. Utetezi huo haulipi hata asilimia 2 ya deni.

Basi kosa ni nini? Tazama namna gama zako zilivyoshuka: zote mbili, na kwa kushikana. Kitu kimoja tu kinachobadilika katika hesabu hii huwagusa maji na ethanoli kwa karibu kiwango kilekile, nacho ni halijoto. Gama hupatikana kwa γ1 = y1 P / (x1 P1), ambapo y1 ni sehemu ya moli ya ethanoli ndani ya mvuke, P ni kanieneo ya jumla, na P1 ni kanieneo ya mvuke ya ethanoli safi *katika halijoto ya pointi hiyo*. Ninakuona umefungua jedwali mara moja, ukachukua P1 na P2 katika nyuzi 100, kwa sababu maji safi huchemkia hapo, kisha ukazitumia hizohizo kwa mistari yote mitatu. Jaribu: kwa maji P2 ikiwa 760 mmHg, sawa na kanieneo ya jumla, gama ya maji inakuwa tu y2/x2. Mstari wa kwanza y1 ni 0.1700, hivyo 0.8300/0.9810 ni 0.846. Mstari wa pili y1 ni 0.3891, hivyo 0.6109/0.9279 ni 0.658. Hizo ndizo namba zako. Ethanoli ikipewa 1,695 mmHg, ambayo ndiyo kanieneo yake katika nyuzi 100, inatoa 4.01 na 2.42. Nadhani tumeshikana mkono.

Usijione mjinga. Mimi nilipokuwa nasoma niliwahi kuingiza nyuzi za selsiasi kwenye mlinganyo uliotaka kelvini, nikapata kanieneo ya mvuke ambayo ingetosha kurusha paa la maabara, na nikaiandika kwenye ripoti kwa tarakimu nne.

Turekebishe. Katika nyuzi 95.5, ethanoli safi ina kama 1,449 mmHg na maji 646. Katika 89.0, ni 1,146 na 506. Katika 84.1, ambayo ni halijoto ya mstari wako wa tatu, ni kama 954 na 418. Fanya hesabu upya na utapata gama za ethanoli 4.69, 3.58 na 2.44, na za maji 0.996, 0.989 na 1.07. Ethanoli inashuka, maji yanaanza bapa karibu na 1 kisha yanapanda. Ubao wa pembea umerudi kazini.

Najua umeshaona kitu kinachokukera: kati ya 0.996 na 0.989 gama ya maji bado imeshuka, wakati ya ethanoli imeshuka pia. Umeona vizuri, na usiifiche. Jumla ya uzito sasa inatoka kama −0.02 badala ya −0.263. Hiyo −0.02 ndiyo kelele ya data zenyewe. Karibu na nyuzi 92, kanieneo ya mvuke wa maji hubadilika kwa karibu asilimia 3.7 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kipimajoto kilichopotoka kwa nusu nyuzi katika moja ya pointi hizo mbili kinatosha kuleta 0.02 nzima. Mlinganyo hausemi data ziwe safi kama kioo. Unakupa kiasi cha kutolingana, kisha wewe unauliza: je, kosa la kawaida la chombo linaweza kulipa deni hili? Nusu nyuzi, ndiyo, linaweza. Kulipa 0.263 ungehitaji kipimajoto kilichopotoka kwa nyuzi 7, na hicho si kipimajoto tena.

Sasa nikuonye kuhusu jaribio ambalo pengine utaambiwa ulitumie, kwa sababu lina jina kubwa na ni rahisi kuchora. Ukijumlisha mlinganyo kutoka maji safi hadi ethanoli safi, unapata kwamba eneo chini ya mchoro wa ln(γ1/γ2) dhidi ya x1 lazima liwe sifuri: eneo la juu ya mstari lilingane na la chini. Redlich na Kister walilitangaza mwaka 1948, na tangu hapo limekuwa kama stempu ya posta kwenye makala za data za mvuke. Wengi hukubali data kama tofauti ya maeneo mawili haizidi asilimia 10 ya jumla yake.

Chukua kosa lako lilelile, la kutumia nyuzi 100 kila mahali, ulipeleke kwenye jaribio hilo. Kinachoingia ndani ya ln(γ1/γ2) ni uwiano wa P1 na P2 tu. Katika nyuzi 100 uwiano huo ni 1,695 kwa 760, yaani 2.23. Katika nyuzi 82.7 ni kama 904 kwa 396, yaani 2.28. Haujasogea kwa kitu cha maana. Kanieneo za mvuke wa ethanoli na maji hupanda na kushuka pamoja kama ndugu, kwa hiyo ukizigawanya kosa lako linajificha. Nimekadiria kwamba maeneo yangetofautiana kwa takriban asilimia 4. Stempu ingegongwa. Karatasi ambayo msimamizi aliikataa kwa sekunde chache ingepita kwenye jaribio rasmi bila kuulizwa swali, na kanieneo ya jumla P ndiyo kabisa, kwa kuwa hujifuta, hata ungeiandika nusu ya ilivyo jaribio la eneo lisingejua.

Sababu ni kwamba Gibbs na Duhem wanakataza katika *kila* uwiano, si kwa jumla tu. Kulipa deni la hapa kwa ziada ya kule hairuhusiwi, lakini eneo linaruhusu hilohilo. Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi wachore michoro miwili ya ln γ, waweke rula juu ya kila mmoja penye uwiano uleule, wasome miteremko, waizidishe kwa x1 na x2, na waone kama inafutana. Ni kazi ya penseli ya nusu saa, na inaona kile ambacho eneo halioni.

Kwa kuwa utaendelea mbele kwenye kulinganisha data na milinganyo ya Margules na wenzake, kuna katazo jingine ambalo litakukuta huko. Mtu akikuletea mmumunyo akasema ethanoli inafuata ln γ1 = A x2² na maji yanafuata ln γ2 = B x1², na A na B ni namba mbili tofauti kwa sababu "zimelingana vizuri na pointi", mkatalie. Mteremko wa kwanza ni −2A x2, wa pili ni 2B x1. Zidisha kwa x1 na x2 na ujumlishe: unapata 2 x1 x2 (B − A), na hiyo ni sifuri tu kama A na B ni namba moja. Aliyezitenganisha amelinganisha kila kijenzi kivyake, kana kwamba ethanoli iko ndoo moja na maji ndoo nyingine.

Usichukue hilo ukasema ncha mbili lazima zifanane. Katika ethanoli na maji hazifanani kabisa: ethanoli kidogo mno ndani ya maji ina gama iliyo juu kidogo ya 5, wakati maji kidogo mno ndani ya ethanoli yana gama kama 2.5. Hilo linaruhusiwa, ila umbo la mstari lazima lilipie tofauti hiyo. Margules anafanya hivyo kwa kuweka A na B zote mbili ndani ya *kila* mlinganyo:

ln γ1 = x2² [A + 2(B − A) x1]
ln γ2 = x1² [B + 2(A − B) x2]

Jaribu miteremko yake mwenyewe, utaona inafutana kwa A na B zozote. Ndiyo tofauti kati ya kuongeza namba kwa kufuata ubao wa pembea na kuongeza namba kwa kufuata pointi.

Na kuna katazo la tatu, dogo kwa maneno lakini kali. Huwezi kuwa na mmumunyo ambao kijenzi kimoja kinafuata kanuni ya Raoult kutoka mwanzo hadi mwisho halafu mwenzake akaiasi. Kama γ1 ni 1 kila mahali, mteremko wake ni sifuri kila mahali, basi na mteremko wa ln γ2 ni sifuri kila mahali, na kwa kuwa huanzia 1 kwenye kijenzi safi, hubaki 1. Nimeona ripoti zikisema "maji yanafuata Raoult, ila kiyeyushwa kinatofautiana", wakimaanisha hivyo kwa uwiano wote. Mara nyingi maana yake ni kwamba hawakupima maji kwa makini.

Kwa upande mwingine usiwe askari wa kukataza kila kitu. Gama zote mbili kuwa juu ya 1, kama kwenye mstari wa tatu wa jedwali lako lililorekebishwa, si kosa. Kinachoangaliwa ni zinaelekea wapi, si ziko wapi. Gama moja kuwa na kilele katikati ya safari si kosa pia, mradi nyingine iwe na bonde penye uwiano uleule kabisa. Na ule mpaka unaowazuia wapika gongo na viwanda kwa pamoja, kwamba ukikeneka ethanoli na maji kwa kanieneo ya anga huvuki karibu asilimia 95.6 kwa uzito, haukatazwi na wala hauamriwi na mlinganyo huu. Unachosema mlinganyo ni kwamba kanieneo ya mvuke ikifikia kilele kwenye uwiano fulani, hapo mvuke na kimiminika lazima viwe na uwiano sawa. Kilele kiwepo au kisiwepo ni shauri la ethanoli na maji wenyewe.

Jambo moja la mwisho kabla hujarudisha karatasi: muulize aliyewapa jedwali safu ya y ilipatikanaje. Kama mvuke ulichukuliwa, ukapozwa, ukapimwa, basi majaribio yote niliyokueleza yana maana. Lakini kuna data nyingi ambazo watu walipima kanieneo ya jumla na x peke yake katika halijoto moja, kisha y wakaikokotoa kwa kutumia mlinganyo wa Gibbs na Duhem wenyewe. Ni njia halali na nzuri, ila y za namna hiyo zitapita kila jaribio hata kama kipimakanieneo kilikuwa kibovu, kwa sababu unamuuliza shahidi kama anakubaliana na yeye mwenyewe. Hapo usipoteze nusu saa ya penseli. Jedwali lako lina kile kishimo kidogo cha 0.989, na data zilizokokotolewa kwa mlinganyo hazina vishimo, kwa hiyo naamini y zako zilipimwa.